Akaunti imezuiwa bila taarifa: jua kwanza nani ameizuia, ndipo uandike barua

Wifi yangu anauza mitumba Kongowea, Mombasa. Ijumaa moja asubuhi alikwenda kutoa shilingi 18,000 aongezee pesa za beli, mashine ikamrudishia kadi. Akafungua programu ya benki kwenye simu, akaona salio lake lote liko pale pale, lakini kila akijaribu kutuma anapata maneno `Account restricted`. Hakupata ujumbe, hakupigiwa simu, hakuandikiwa barua. Saa nne alikuwa amesimama kaunta, na jibu alilopewa ni hili: "Mama, ni mfumo. Andika barua."

Akaandika usiku ule ule. Aliandika kwamba anaomba afunguliwe akaunti yake kwa sababu pesa zilizomo ni za biashara halali na ana watoto wa kulipia karo. Yote yalikuwa kweli. Siku kumi na mbili zikapita, kimya. Barua ya pili tuliiandika pamoja mezani kwangu, na akaunti ikafunguliwa siku ya tisa baada ya kuipeleka. Hakumjua mtu yeyote ndani ya benki na hakutoa chochote. Kilichobadilika ni kwamba barua ya pili ilijibu swali ambalo benki ilikuwa nalo, na ya kwanza ililijibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Ninayoyaeleza hapa ni ya Kenya, kwa sheria na ofisi za Kenya. Nayapanga kulingana na unachokiona wewe kwenye simu au mashine, kwa sababu mara nyingi hicho ndicho kidokezo pekee utakachopewa.

Kadi imekataa, lakini je, ni akaunti iliyozuiwa?

Kabla ya kuhangaika, jaribu njia tatu siku hiyo hiyo: kadi kwenye mashine, programu ya simu, na kaunta ukiwa na kitambulisho. Kadi ikikataa na kaunta wakakupa pesa, akaunti yako ni nzima. Iliyofungwa ni kadi, labda kwa nambari ya siri iliyokosewa mara tatu au kwa muda wake kuisha. Programu ikikataa huku kadi inafanya kazi, ni usajili wa simu, hasa ukiwa umebadilisha laini au simu yenyewe. Hayo humalizika kaunta bila barua.

Kama hujaigusa akaunti kwa miezi mingi, inawezekana benki imeiweka kwenye kundi la akaunti zilizolala. Hii hufufuliwa kwa kujaza fomu, kuonyesha kitambulisho, na mara nyingine kuweka au kutoa kiasi kidogo hapo hapo.

Njia zote tatu zikikataa, akaunti imezuiwa kweli. Sasa angalia ni kwa namna gani.

Salio linaonekana, lakini kiasi cha kutumia ni sifuri

Programu nyingi za benki huonyesha salio mara mbili: salio lenyewe, na `Available balance`, yaani kile unachoweza kukitumia sasa. Ukiona salio ni 212,000 na cha kutumia ni sifuri, au kimepungua kwa kiasi fulani mahususi, kuna mtu ameshika kiasi hicho. Mara nyingi huyo mtu ni Mamlaka ya Ushuru, KRA. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya mwaka 2015, kifungu cha 42, inaiwezesha KRA kuipa benki notisi ya uwakala: benki inaagizwa ishike pesa za mdaiwa na kuilipa KRA. Benki haina uwezo wa kuikataa notisi hiyo kwa sababu wewe umeandika barua nzuri.

Hapa watu wengi husema "sikujulishwa". Kabla ya kusema hivyo, ingia kwenye iTax uangalie barua pepe iliyosajiliwa kwa jina lako. Nimekaa na watu ambao PIN yao ya ushuru ilifunguliwa saiba miaka iliyopita, na kijana wa saiba akaweka barua pepe yake mwenyewe ili amalize haraka. Madai yote ya KRA yalikuwa yakimfikia yeye. Badilisha barua pepe hiyo leo, akaunti yako iwe imezuiwa au la.

Kama ni KRA, nenda kituo cha KRA. Utalipa, au utakubaliana nao kulipa kwa awamu, au utapinga deni ukionyesha kuwa si lako au limekosewa. Wakiridhika, wao ndio wanaoiandikia benki barua ya kuondoa zuio. Omba nakala ya barua hiyo uibebe mwenyewe mpaka tawini, kwa sababu imetokea barua ikafika makao makuu na tawi lisijue.

Pesa zinaingia, lakini hazitoki

Hii ndiyo iliyompata wifi. Wateja walikuwa wanamtumia, na pesa zinaingia vizuri. Kutoa ndiko kumefungwa. Zuio la namna hii kwa kawaida limewekwa na benki yenyewe, ama kwa sababu ya kumbukumbu za kitambulisho, ama kwa sababu ya mtiririko wa pesa. Jambo la kwanza ukiligundua hili ni kuwaambia watu wasiendelee kukutumia huko. Kila shilingi inayoingia inakwama, na kila muamala mpya ni mmoja zaidi wa kuelezwa.

Sababu ya kitambulisho ni nyepesi: jina lilibadilika baada ya ndoa, tarehe ya kuzaliwa ilikosewa wakati wa kufungua akaunti, PIN ya ushuru haikuwahi kuwekwa, au benki ilituma ujumbe wa kuhuisha taarifa kwenye laini uliyoacha kuitumia. Ukipeleka karatasi zinazotakiwa, mambo huisha ndani ya siku chache.

Sababu ya mtiririko ni nzito zaidi. Kompyuta ya benki inalinganisha unachofanya na ulichosema utafanya siku ya kufungua akaunti. Wifi alijaza kwenye fomu, miaka sita iliyopita, kwamba anatarajia kuingiza kama shilingi 40,000 kwa mwezi. Sasa tazama akaunti yake ilivyokuwa ikionekana kwa mtu asiyemjua. Kila Jumapili watu ishirini na watatu wanamtumia shilingi 3,000 kila mmoja, na Jumatatu asubuhi shilingi 72,000 zinatoka kwenda kwa mtu mmoja, kila wiki mtu mwingine. Halafu siku moja zinaingia 640,000 kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kumtumia pesa, na ndani ya siku mbili 480,000 zimetoka kwa watu watatu. Pesa nyingi ndogo zinaingia kutoka kwa wengi, kisha zinatoka kwa mkupuo: hivyo ndivyo zinavyofanana akaunti za matapeli wanaotumia jina la mtu mwingine kupitishia pesa. Wifi alikuwa mweka hazina wa chama chao, na aliuza kiwanja. Kompyuta haijui chama.

Sababu nyingine ninayokutana nayo sana kwa vijana ni kuuza sarafu za kidijitali kwa mtu wa mtandaoni anayelipa moja kwa moja benki. Aliyekulipa anaweza kuwa amelipa kwa pesa alizomtapeli mtu mwingine. Aliyetapeliwa akiripoti, polisi wanafuata pesa, na pesa zimeishia kwako. Hapo tayari unaelekea kwenye sehemu inayofuata.

Hakuna kinachoingia wala kutoka, na benki inasema "tuna agizo"

Hili ni agizo la kutoka nje: ama polisi wanaochunguza kesi wamepata amri ya hakimu, ama Mamlaka ya Kurejesha Mali, ARA, imepata amri ya Mahakama Kuu ya kuhifadhi mali chini ya sheria ya kuzuia utakasaji wa fedha ya mwaka 2009. Amri hiyo ya kuhifadhi hudumu siku 90, na huendelea baada ya hapo ikiwa ombi la kutaifisha mali limewasilishwa.

Omba benki nambari ya ombi la mahakama, jina la mahakama na tarehe ya amri. Kwa nambari hiyo wakili anaweza kulisoma faili na kuiomba mahakama hiyo hiyo ibadilishe au iondoe amri. Usipoteze wiki ukimwandikia meneja wa tawi. Hata akikuamini kabisa, hawezi kufungua kilichofungwa na hakimu. Maelezo ya miamala na viambatisho ninavyovieleza hapa chini bado utavihitaji, ila vitakwenda mahakamani vikiwa vimeambatana na hati ya kiapo. Na usiende kutoa maelezo polisi peke yako.

Kaunta hawasemi sababu

Mfanyakazi wa kaunta kwa kawaida haijui sababu. Anaona alama tu kwenye skrini. Uamuzi uko makao makuu, kwa watu wa uzingatiaji, ambao mjini tunawaita komplayansi. Na hata hao, kama wameripoti muamala wako kwa taasisi ya serikali inayopokea taarifa za fedha zenye shaka, sheria inawakataza kukudokeza. Wakikuambia, ni kosa la jinai kwao. Kwa hiyo kugombana na dada wa kaunta hakukusaidii, na yeye kunamuumiza bure.

Uliza maswali ambayo anaruhusiwa kuyajibu. Wifi aliporudi tawini kabla ya barua ya pili, aliuliza hivi: "Dada, naomba unisaidie mambo matatu tu. Zuio hili limetoka ndani ya benki au kuna agizo la nje? Ni kutoa tu au hata kuweka? Na mnahitaji karatasi gani kutoka kwangu?" Dada akaangalia skrini, akasema ni la ndani, ni kutoa tu, na wanataka uthibitisho wa chanzo cha pesa. Kwa dakika mbili tukajua barua inatakiwa iseme nini. Omba pia upewe nambari ya lalamiko lako, uiandike pamoja na tarehe, saa na jina la aliyekuhudumia.

Barua inayojibu swali

Atakayeisoma barua yako ni mtu ambaye hajawahi kukuona, amefungua taarifa ya akaunti yako kwenye skrini moja na barua yako kwenye nyingine. Anatafuta mistari aliyotiliwa alama na kuangalia kama maelezo yako yanalingana nayo, tarehe kwa tarehe, shilingi kwa shilingi. Kwa hiyo chukua taarifa ya akaunti ya miezi sita hadi kumi na miwili, yote bila kukata ukurasa, na uisome kwa jicho lake. Zungushia kila kitu ambacho mgeni angekishangaa. Hivyo ndivyo vya kueleza. Maziwa na mkate havina haja.

Barua ya wifi, nikiacha anwani, ilikuwa hivi:

> Kwa Meneja wa Tawi. Nakala kwa Idara ya Uzingatiaji, Makao Makuu.
>
> YAH: OMBI LA KUONDOLEWA ZUIO LA AKAUNTI INAYOISHIA 4471, LALAMIKO NAMBARI (…)
>
> Mimi ni mwenye akaunti iliyotajwa hapo juu. Tangu Ijumaa tarehe (…) siwezi kutoa wala kutuma pesa. Tawi limenieleza kuwa mnahitaji uthibitisho wa chanzo cha pesa. Maelezo ni haya.
>
> 1. Malipo ya shilingi 3,000 kila Jumapili ni michango ya chama chetu cha wanachama 24, ambacho mimi ni mweka hazina wake. Wanachama 23 hunitumia jumla ya shilingi 69,000. Wa 24 ni mimi, na shilingi zangu 3,000 zimo tayari kwenye akaunti. Ndiyo maana kila Jumatatu hutoka 72,000 kwa mwanachama mwenye zamu. Nimeambatisha orodha ya wanachama na zamu zao (kiambatisho A).
>
> 2. Shilingi 640,000 zilizoingia tarehe (…) ni malipo ya kiwanja kilichoko Kilifi, tulichonunua ndugu wanne kwa kuchanga sawa. Mkataba wa mauzo ni kiambatisho B. Aliyetuma pesa ni mke wa mnunuzi, kwa hiyo jina lake haliko kwenye mkataba. Barua ya mnunuzi inayothibitisha hilo, na nakala ya kitambulisho chake, ni kiambatisho C.
>
> 3. Shilingi 160,000 mara tatu, zilizotoka tarehe (…) na (…), ni mgao wa ndugu zangu watatu. Barua yao ya pamoja na nakala za vitambulisho ni kiambatisho D.
>
> 4. Mapato mengine ni mauzo ya mitumba. Leseni ya biashara ya kaunti na taarifa ya M-Pesa ya miezi sita ni kiambatisho E.
>
> Naomba mniondolee zuio, au mnijulishe kwa maandishi ni muamala gani bado unahitaji maelezo. Naomba pia, wakati mkiendelea, mruhusu makato ya mkopo wangu ya tarehe 5 yafanyike ili nisihesabiwe kuwa nimeshindwa kulipa.

Tazama aya ya kwanza ya maelezo. Tofauti ya 69,000 na 72,000 ni jambo dogo kwetu, lakini msomaji wa makao makuu angekutana na hesabu isiyolingana akasimama hapo. Vivyo hivyo jina la mke wa mnunuzi. Barua nyingi hukwama kwenye mambo mawili haya: hesabu ambayo haikutimia, na jina kwenye taarifa ya benki ambalo haliko kwenye karatasi yoyote. Yatafute mwenyewe kabla hawajayatafuta wao.

Ile sentensi ya mkopo nayo iweke kama unadaiwa na benki hiyo hiyo. Zuio linaweza kusimamisha makato, na kuchelewa huko kukaenda kwenye rekodi yako ya mikopo.

Kama kuna muamala usio na karatasi, sema hivyo wazi na ueleze ulivyokuwa. Kamwe usitengeneze risiti. Karatasi moja ya uongo ikigundulika huzifanya za kweli zote zitiliwe shaka, na kughushi ni kosa lenye kifungo.

Viambatisho vinavyokataliwa

Kitambulisho kinakiliwe pande zote mbili, kionekane kingo zote nne, na picha isiwe na mwanga wa kioo uliofuta nambari. Ambatisha cheti cha PIN ya KRA na uthibitisho wa makazi: bili ya umeme au maji, au barua ya chifu kama bili iko kwa jina la mwenye nyumba.

Jina likitofautiana kati ya karatasi, hata kwa herufi moja, usitegemee kwamba wataelewa. Kitambulisho cha wifi kina majina matatu na mkataba wa kiwanja una mawili. Alikula kiapo mbele ya kamishna wa viapo kwamba majina yote mawili ni yake, akaiambatisha hati hiyo nyuma ya mkataba.

Taarifa ya M-Pesa unaweza kuiomba kwa `*334#` au kwenye programu ya M-Pesa, nayo huja kwa barua pepe ikiwa imefungwa kwa nambari ya siri inayotumwa kwenye simu yako. Watu huituma benki ikiwa imefungwa hivyo hivyo, na huko hakuna anayeifungua. Ichapishe, au ifungue kisha uihifadhi upya bila nambari.

Juu ya kila nakala ya kitambulisho andika kwa kalamu, kukatiza picha bila kuziba nambari: "Kwa ajili ya ombi la kuondoa zuio la akaunti tu", pamoja na jina la benki na tarehe. Nakala hizo hupita mikononi mwa wengi, na maandishi hayo yanamzuia mtu kuzitumia kukopea kwa jina lako. Barua pepe uitume kwa anwani uliyoipata tawini au kwenye tovuti ya benki yenyewe. Akikupigia mtu akidai anakusaidia kufungua akaunti na anataka nambari ya siri au ile ya mara moja iliyotumwa kwa ujumbe, kata simu.

Tuma vyote kwa mara moja, na peleka nakala tawini ikagongwe mhuri wa kupokelewa kwenye nakala unayobaki nayo.

Umepeleka, wamenyamaza

Siku ya sita benki ilimwandikia wifi ikitaka jambo moja: kumbukumbu za kikao ambapo alichaguliwa mweka hazina. Zilikuwa kwenye daftari la mistari, zimeandikwa kwa mkono na kutiwa saini na wanachama kumi na tisa. Alizipiga picha ukurasa kwa ukurasa, na zilikubaliwa. Wakikuuliza tena, furahi. Maana yake faili liko mezani kwa mtu. Jibu swali hilo tu, na usibadilishe chochote ulichokwisha kusema.

Wakinyamaza baada ya wiki mbili, andika barua fupi ya kukumbusha ukitaja nambari ya lalamiko na tarehe ya mhuri, na useme kwamba ukikosa jibu kwa tarehe fulani utapeleka lalamiko Benki Kuu ya Kenya. Kisha upeleke kweli. Benki Kuu ina mwongozo wa kuwalinda wateja unaozitaka benki ziwe na utaratibu wa kushughulikia malalamiko, na kitu cha kwanza watakachokuuliza ni kama umeanza na benki yako. Nakala yenye mhuri ndiyo jibu. Kama pesa ni nyingi na bado hupewi sababu wala orodha ya kinachotakiwa, hapo wakili anaweza kwenda mahakamani. Mahakama za Kenya zimekwisha kuziuliza benki zilizuia akaunti kwa mamlaka gani.

Akaunti ya wifi ilipofunguliwa, ilikuja na sharti: michango ya chama isipite tena kwenye akaunti yake binafsi. Wamekwisha kusajili kikundi chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, na akaunti mpya ina watia saini watatu. Siku hiyo hiyo aliomba ajaze upya fomu ya taarifa zake, na pale alipokuwa ameandika mapato ya shilingi 40,000 kwa mwezi akaandika kiasi anachokiingiza sasa.